Volteji si geji ya mafuta: Nernst na betri ya mjomba

Leo nina jambo la kuungama. Miaka michache iliyopita niliandika programu ndogo iliyoua betri ya mjomba wangu. Sikupiga shoti wala sikugeuza nyaya. Niliiua kwa hesabu ya mstari mmoja, na hesabu hiyo hiyo bado naiona kwenye miradi ya watu wanaotengeneza vifaa vya sola.

Mjomba ana kinyozi Voi. Mashine za kunyolea, taa na redio vyote vinategemea betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, ile ya kutia maji, inayochajiwa na paneli juu ya bati. Aliniomba kitu cha kumwonyesha chaji iliyobaki, kama anavyoona kwenye simu yake. Nikaunganisha kipima volti na kompyuta ndogo, nikaandika hivi:

```python
asilimia = (volti - 10.8) / (12.6 - 10.8) * 100
```

Ile 12.6 niliipima mwenyewe betri ikiwa imejaa. Ile 10.8 niliisoma kwenye karatasi ya betri kuwa ndipo pa kukata umeme. Katikati nikachora mstari ulionyooka, kana kwamba betri ni tangi la mafuta. Mjomba akafurahi sana. Jioni skrini ikimwambia asilimia 50, yaani volti 11.7, aliendelea kunyoa bila wasiwasi. Mwaka haukuisha, betri ikawa haiwezi kuwasha hata taa kwa saa mbili. Akanipigia simu: "Mpwa wangu, mashine yako iliniambia nusu. Nusu gani hii?"

Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta nilirudi kwenye kemia ya kidato ambayo nilidhani nimeiaga kabisa. Na msimamo wangu leo ni huu: kama hujui ni nini kinachoshusha volteji ya betri yako, usiandike asilimia kwenye skrini. Ni afadhali uonyeshe volti tupu.

Nernst alisema nini hasa

Walther Nernst alikuwa mkemia Mjerumani. Mwaka 1889 alitoa mlinganyo unaoeleza volteji ya seli kulingana na vitu vilivyomo ndani yake kwa wakati huo:

```
E = E° - (RT / nF) ln Q
```

E ni volteji ya seli ikiwa imetulia, bila mzigo. E° ni volteji ya seli hiyo katika hali ya kawaida iliyokubaliwa na wanakemia. R na F ni namba zisizobadilika, T ni joto, na n ni idadi ya elektroni zinazohama kila mmenyuko unapotokea mara moja. Mhusika mkuu ni Q. Huu ni uwiano wa vitu vilivyokwisha kutengenezwa kwa vitu vinavyosubiri kutumika. Kadiri betri inavyotoa umeme, vya juu vinaongezeka na vya chini vinapungua, Q inakua, na volteji inashuka.

Lakini angalia hapo kwenye `ln`. Volteji haifuati Q yenyewe, inafuata logi yake. Hapo ndipo mstari wangu ulionyooka ulipoanza kunidanganya.

Chukua mfano rahisi, seli ya Daniell ya mwaka 1836: zinki upande mmoja, shaba upande wa pili. Zinki inayeyuka na kuwa ioni, na ioni za shaba zinageuka kuwa shaba ngumu. Vyuma vyenyewe havihesabiwi ndani ya Q, kwa sababu kitu kigumu kisichochanganyika na kingine huhesabiwa kuwa 1, kiwe kingi au kidogo. Zinabaki ioni za zinki kugawanywa kwa ioni za shaba. Tuanze na ukolezi wa moli 1 kwa lita pande zote mbili, nyuzi 25, kisha tuitumie seli kidogo kidogo:

```python
from math import log10
for x in (0, 0.5, 0.9, 0.99, 0.999):
    zn, cu = 1 + x, 1 - x
    print(x, round(1.10 - 0.0296 * log10(zn / cu), 3))
```

Majibu ni haya:

```
0 1.1
0.5 1.086
0.9 1.062
0.99 1.032
0.999 1.002
```

Tazama vizuri. Nusu ya shaba imekwisha, na volteji imeshuka milivolti 14 tu! Asilimia 90 imekwisha, imeshuka milivolti 38. Kutoka 0.99 hadi 0.999 umetumia chini ya asilimia moja ya shaba, na volteji imeporomoka milivolti 30 nyingine. Seli inasema "niko sawa, niko sawa" karibu safari nzima, halafu inaanguka mlangoni. Anayechora mstari kati ya mwanzo na mwisho atakosea karibu kila mahali.

Sasa turudi kwa mjomba

Betri ya risasi na asidi ina tabia yake. Upande mmoja ni risasi, upande wa pili ni oksidi ya risasi, na zote mbili zinageuka kuwa salfeti ya risasi betri inapotumika. Hizo zote ni ngumu, kwa hiyo zinatoka ndani ya Q. Kinachobaki ni asidi ya salfuriki, ambayo inatumika, na maji, ambayo yanatengenezwa. Maana yake ni kwamba maji ya betri si ya kuogeshea vyuma tu. Ni sehemu ya chaji yenyewe, na yanapungua ukali kadiri unavyonyoa vichwa.

Ndiyo maana fundi wa betri hutumia haidromita, ile chupa ya kunyonya yenye kielea ndani. Anapima uzito wa maji ya betri ukilinganishwa na maji safi. Asidi nyingi, namba kubwa. Kuna kanuni ya mafundi inayofanya kazi vizuri: volteji ya seli moja iliyotulia ni namba ya haidromita ukijumlisha 0.84. Betri ya volti 12 ina seli sita, basi zidisha kwa sita.

Imejaa, haidromita 1.28: seli ni 2.12, betri ni 12.72. Karibu nusu, haidromita 1.20: betri ni 12.24. Imekwisha, haidromita 1.12: betri ni 11.76.

Umeona? Betri iliyotulia ikisoma 11.7 ni betri TUPU. Programu yangu iliiita nusu. Kila jioni mjomba alikuwa akiikamua hadi chini, kisha inalala hivyo usiku kucha. Salfeti ikikaa muda mrefu hugeuka fuwele kubwa ngumu ambazo chaji ya asubuhi haiwezi kuzirudisha zote. Betri ikafa polepole, na mimi ndiye niliyeshika kisu.

Tahadhari moja kwa wapenda hesabu. Ukichukua moli za asidi na kuziingiza moja kwa moja kwenye mlinganyo, kama tulivyofanya kwa zinki na shaba, utapata seli inashuka chini ya milivolti 30 kutoka kujaa hadi kuisha. Haidromita inasema 160. Nernst hajakosea. Q haitaki idadi ya moli, inataka nguvu halisi ya kila kitu ndani ya mchanganyiko. Asidi hii hugawanyika kuwa ioni tatu, hivyo ukolezi wake unaingia kwa kipeo cha tatu, na katika asidi kali namna hii ioni zinabanana na kuathiriana. Kwa kimiminika hafifu hesabu ya moli inatosha. Kwa betri ya gari haitoshi, mwamini haidromita.

Basi 10.8 ilitoka wapi?

Ile namba ya kwenye karatasi haikuwa uongo. Ni volteji ya kukata betri ikiwa KAZINI. Mimi niliisoma kama volteji ya betri iliyotulia.

Mashine za kunyolea zikiwaka, volteji inashuka kwa sababu mbili zaidi. Ya kwanza ni ukinzani wa vyuma, nyaya na asidi. Ya pili ni Nernst tena, ila mahali padogo. Asidi iliyo ndani ya vitundu vya sahani inatumika haraka kuliko ile ya nje inavyoweza kuingia. Betri nzima inaweza kuwa na asidi ya kutosha, lakini pale mmenyuko unapofanyika asidi imebaki kidogo, na volteji inafuata ya pale.

Unaweza kuzitenganisha kwa macho. Zima mzigo ukiwa umeweka kipimo. Volteji itaruka juu papo hapo: huo ulikuwa ukinzani. Kisha itaendelea kupanda taratibu kwa muda mrefu: hiyo ni asidi inayorudi ndani ya vitundu, na Q inajirekebisha. Betri haijajichaji yenyewe, jamani. Imejisawazisha tu.

Nilichobadilisha

Nilimnunulia mjomba betri nyingine (nilidaiwa, nikalipa) na nikaandika programu upya. Sasa inapima mkondo unaoingia na unaotoka, na kuhesabu ampea-saa. Volteji naitumia mara moja tu kwa siku, alfajiri kabla ya jua, kinyozi kikiwa kimefungwa usiku kucha. Hapo betri imetulia, na mstari kutoka 11.76 hadi 12.72 unakubalika, kwa kuwa asidi haiishi kabisa kama shaba ya Daniell. Namba hiyo inasahihisha makosa ya hesabu ya jana. Asubuhi ikisoma chini ya 12.2, skrini inaandika kwa herufi kubwa: PUMZIKA.

Na msiukimbize mstari huu kwenye betri za lithiamu za chuma na fosfeti, ambazo sasa ziko kila duka la sola. Ndani yake kuna vitu vigumu viwili, kimoja kikipungua na kingine kikiongezeka, na vyote viwili vinabaki na nguvu ile ile. Q haisogei, basi volteji nayo hubaki karibu 3.2 au 3.3 kwa seli kwa sehemu kubwa ya safari. Kuuliza volteji hapo asilimia ngapi imebaki ni kumuuliza kipofu rangi ya shati lako. Hesabu ampea-saa.

Mjomba bado hataki kuona neno "asilimia" kwenye skrini. Nami simlaumu.