Zima maiki kabla Gerezani haijaingia kikaoni

SAFU: MTAA NA KAZI
Na Mwanaidi Shekilango

Anayefanya kazi za mbali akiwa Gerezani hachagui saa ya kelele. Chini ya dirisha kuna spika ya machinga inayorudia bei ileile tangu asubuhi, fundi anakata chuma, na mabasi ya mwendokasi yanaingia na kutoka kituoni. Kuzima maiki kwa kutafuta alama yake kwa kipanya huchukua sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha watu wa Nairobi au Dubai kusikia "elfu tano, elfu tano" katikati ya hesabu za mwezi. Vidole viwili kwenye kibodi vinawahi zaidi.

Nitabaki na Zoom kwenye Windows. Alt+A huzima na kuwasha maiki, Alt+V kamera, Alt+Y hunyanyua mkono na kuushusha, na Alt+S huanzisha au kusimamisha kuonyesha skrini. Wengi wanazijua hizi, halafu siku ya kikao wanalalamika kwamba hazifanyi kazi. Zinafanya kazi. Tatizo ni dirisha.

Mchukue mhasibu aliye kwenye kikao huku akisoma takwimu kwenye Excel. Gari la matangazo linapita, anabonyeza Alt+A haraka, na anaendelea kusoma akiamini amenyamazishwa. Lakini mara ya mwisho alibofya ndani ya Excel, kwa hiyo ni Excel iliyopokea amri ile. Kwenye Excel ya Kiingereza, Alt ikifuatiwa na A hufungua kichupo cha Data. Zoom haikuambiwa kitu. Maiki iko wazi, tangazo la gari linamaliza mzunguko wake, na mwenyekiti anasema, "Dada, tunaomba uzime maiki." Dalili ilikuwa mbele ya macho yake: safu ya vitufe juu ya Excel ilibadilika, na herufi ndogondogo zikatokea juu yake.

Dawa yake ifanywe kabla ya kikao. Fungua Settings ya Zoom, ingia Keyboard Shortcuts, tafuta mstari wa kuzima na kuwasha maiki yako, kisha weka tiki kwenye safu ya Enable Global Shortcut. Kuanzia hapo Zoom itasikia Alt+A hata ukiwa ndani ya Excel au barua pepe. Gharama yake ni kwamba Zoom ikiwa wazi, Excel haitaipata tena Alt+A. Kama mkono wako umeizoea huko, bofya kwenye mstari uleule na uweke vitufe vingine unavyovitaka. Mimi ningeweka tiki hiyo kwa maiki na kamera tu. Kuonyesha skrini ni jambo ambalo sitaki litokee kwa bahati mbaya nikiwa kwenye dirisha lingine.

Kosa jingine naliona sana, na linaumiza zaidi kwa sababu halijionyeshi. Kwenye kibodi za laptopu nyingi kuna kitufe chenye alama ya spika iliyokatwa. Mtu anakibonyeza, chumba kinakuwa kimya, naye anadhani amejinyamazisha. Amezima masikio yake, siyo mdomo. Wenzake wanaendelea kusikia mtaa mzima, wanamwita, na yeye hawasikii. Alama ya kuamini ni maiki iliyopigwa mstari mwekundu ndani ya Zoom yenyewe. Ukitaka kusema neno moja tu kisha urudi kimya, shikilia kitufe kirefu cha nafasi: maiki inafunguka ukiwa umekishikilia na kufungwa ukiachia. Hiki kinataka dirisha la Zoom liwe mbele. Ukiwa ndani ya hati, utaandika nafasi tupu tu.

Mkono una adabu zake. Alt+Y ukiibonyeza mara ya pili inaushusha, kwa hiyo ukimaliza kuongea ushushe, mwenyekiti asije kukupa zamu ambayo huihitaji. Ni njia nzuri ya kuomba nafasi bila kufungua maiki kwanza na kuingiza kelele za mtaa.

Kwenye Alt+S usiharakishe. Haionyeshi kitu papo hapo; inafungua orodha ya madirisha uchague. Chagua dirisha la Excel peke yake, usichague skrini nzima, maana ujumbe wa WhatsApp wa mteja anayedai risiti unaweza kujitokeza pembeni mbele ya wote. Ukitaka kufungua faili la mishahara katikati ya maelezo, bofya kwanza kwenye upau wa vidhibiti vya Zoom, kisha bonyeza Alt+T: wenzako watabaki na picha ya mwisho waliyoiona mpaka uibonyeze tena.

Wanaokutana kwa Google Meet watumie Ctrl+D kwa maiki na Ctrl+E kwa kamera. Mtego ni uleule. Ukiwa kichupo kingine cha Chrome, Ctrl+D inahifadhi alamisho ya ukurasa na kufungua kisanduku chake. Ukiona kisanduku hicho, rudi haraka kwenye kichupo cha kikao na ubonyeze upya, kwa sababu bado wanakusikia.