Ukiuliza 'hii iko aje?', utajibiwa 'iko sawa'

Wewe unayeunda programu, hebu fungua ile kazi iliyokwama wiki nzima usome komenti yako ya mwisho. Huenda uliandika: "Hapa kwa malipo naomba ufafanuzi." Mwenye bidhaa, yule anayeamua apu ifanye nini, akajibu: "Fuata maelezo." Ukakasirika. Lakini kwa maoni yangu, kosa ni lako. Ulimwachia kazi ya kukisia unauliza nini.

Tuseme mnaunda apu ya kukata tiketi za basi. Maelezo yanasema: "Malipo yasipoingia, kiti kiachiliwe." Iko sawa, mpaka ukumbuke kwamba uthibitisho wa malipo ya simu unaweza kuchelewa. Usiandike wasiwasi wako. Andika tukio lenyewe:

"Saa nane kamili, abiria A anachagua kiti 7 na kuweka namba yake ya siri. Uthibitisho unachelewa. Saa nane na dakika tano mfumo unaachilia kiti, B anakilipia. Dakika moja baadaye uthibitisho wa A unafika. B akibaki na kiti, A tumfanyie nini? (1) Arudishiwe pesa. (2) Apewe kiti kingine basi hilo hilo, na pesa zirudi tu kama limejaa. Napendekeza 2, kwa sababu A alitaka kusafiri. Sehemu hii tu ndiyo inangoja jibu; naomba kufikia kesho saa nne asubuhi."

Hapo hata akiwa ndani ya matatu anaweza kukujibu "2" na kazi ikasonga. Na akikataa zote mbili aseme A aulizwe kwanza, bado umepata kitu cha kufanyia kazi, kwa sababu nyote mnaangalia kiti kimoja.

Kabla ya kutuma, jipime hivi: akinijibu kwa neno moja tu, nitajua cha kuandika kwenye programu? Kama hujui, swali halijaiva. Na kama komenti ina maswali matatu, yatenganishe. Si unajua atajibu lile rahisi na kunyamazia mengine?

Kuna wanaomalizia kwa, "Nisipojibiwa nitaendelea na 2." Kwa rangi ya kitufe, sawa, kesho unaibadilisha. Kwa pesa za abiria, zii! Kimya cha mwenye bidhaa si ruhusa. Mpigie simu.

Akikujibu kwa simu, rudi uandike chini ya komenti yako mlichokubaliana, kisha yale maelezo ya kazi yarekebishwe. Anayejaribu apu kabla haijatoka hakuwa kwenye simu hiyo. Atasoma "kiti kiachiliwe", atafute pesa za A, halafu akurudishie kazi ikiwa na komenti mpya: "Hii iko aje?"