Makuta yako haihami na wewe: jambo la kuuliza mbele ya kubadilisha telefone



Kuhamisha majina, picha na mazungumzo ya WhatsApp kutoka telefone moja paka ingine, karibu sisi wote tunajua. Lakini vile tulivyolipia ndani ya ile telefone ya zamani, vinaenda wapi? Mimi sikuuliza. Njo maana naandika leo.

Niko na lisansi ya uchumi na niko shomeri, sawa na wengi wenu. Hapa Butembo ninapata kidogo kwa kutengeneza dosie za watu wanaotafuta kazi: naskane diplomu, karte ya kupiga kura, barua, naviweka mu PDF moja na kutuma. Aplikasiyo niliyotumia iko ya bure, lakini kwa bure inaweka jina lake chini ya kila ukurasa, na haikubali kurasa zaidi ya tano mu PDF moja. Mwaka uliopita nilikusanya dola 15, nikapakia karte ya Visa kwa ajenti, nikalipa mara moja. Kwenye ekra kuliandikwa À vie. Nikaamini: maisha yote.

Mu mwezi wa saba ekra ya ile telefone, Android, ikapasuka. Yaya yangu wa Lubumbashi akanitumia iPhone yake ya zamani. Nikafuata njia inayojulikana: nikaweka mu Android aplikasiyo inayoitwa Move to iOS, nikaacha telefone mbili ziongee. Kisha saa moja hivi, majina yalifika, picha zilifika, na hata alama ya aplikasiyo yangu ya kuskane ilionekana kwenye iPhone. Nikafurahi.

Siku tatu nyuma, mama mmoja alifika na dosie ya kurasa tisa. Kwenye ukurasa wa sita aplikasiyo ikafunga mlango na kuniomba nilipe. Nikabonyeza Restaurer les achats. Ikajibu kama hakuna kitu cha kurudisha.

«Mwanangu, ile dosie wanaifunga leo saa kumi,» mama akasema.

«Mama, ngoja kidogo.»

Nilirudi nyumbani mbio kutafuta telefone iliyopasuka. Dosie ilienda, lakini mama hakurudi kwangu tena.

Mwanzo nilifikiri ni kosa la mashine. Hapana. Mambo yote yalitendeka vile yalivyopangwa, na tunapaswa kuelewa mpango huo.

Ukilipia kitu ndani ya aplikasiyo ya Android, mara nyingi mwenye aplikasiyo siye anayepokea makuta yako moja kwa moja. Ni duka, Google Play, njo inapokea, inakata sehemu yake, kisha inamupa mwenye aplikasiyo inayobaki. Kwa muda mrefu sehemu hiyo kwa kawaida ilikuwa asilimia 15 paka 30. Duka inaandika mu kitabu yake: konti hii ya Google ilinunua kitu hiki. Kila mara unapofungua aplikasiyo, inauliza kile kitabu: huyu alilipa? Kikijibu ndiyo, mlango unafunguka.

Kwenye iPhone mpango ni ule ule, lakini kitabu ni kingine. App Store inaandika manunuzi kwa konti ya Apple. Butoni ya Restaurer les achats inauliza kitabu cha App Store peke yake. Haina njia ya kuuliza Google Play. Mimi sikuwa nimenunua kitu kwa Apple, basi jibu lilikuwa la kweli: mu kitabu kile jina langu halikuwamo. À vie ilikuwa maisha ya kitabu kimoja, si maisha yangu.

Na ile alama iliyohama? Move to iOS inaweza kuleta aplikasiyo za bure ambazo ziko mu maduka yote mawili. Yangu ni ya bure kuichukua, malipo yako ndani. Kwa hiyo nyumba ilifika, ufunguo ukabaki kwa duka ya kwanza.

Sasa kuna kitabu cha tatu, na hicho njo nilichojua kwa kuchelewa. Kuna mwenye aplikasiyo anayeweka konti yake mwenyewe: unajiandikisha kwake kwa imeli na neno la siri, na serveri yake inakumbuka kama ulilipa, hata kama ulilipia mu duka gani. Kozi yangu ya Kiingereza iko vile. Nilikuwa nimelipa abonema ya mwaka kwenye Android. Kwenye iPhone niliingia kwa imeli yangu, na masomo yote yalikuwa wazi, bila kulipa tena. Telefone ni ile ile, mtu ni yule yule, tofauti ni kitabu.

Wengine watasema: Apple haikubali, si kosa la mwenye aplikasiyo. Hiyo si kweli kabisa. Kanuni za App Store, sehemu ya 3.1.3(b), zinaruhusu aplikasiyo ifungulie mtu kitu alichokinunua kwenye sistemu ingine au kwenye sayiti ya mwenye aplikasiyo, kwa sharti kwamba kitu hicho kiuzwe pia ndani ya aplikasiyo ya iPhone. Mlango uko. Lakini kuupitia kunaomba mwenye aplikasiyo alipie serveri, atunze konti za watu, na alinde neno lao la siri. Fundi mdogo anayeuza aplikasiyo ya dola chache anaweza kuona mzigo huo ni mkubwa, na mimi ninamuelewa. Tena aplikasiyo ya Android na ya iPhone mara nyingi ni kazi mbili, zinaandikwa mara mbili. Anaweza kuwa na haki ya kuomba malipo mawili.

Haki ambayo hana ni kuandika À vie na kunyamaza. Karibu na ile bei angeongeza sentensi moja: «Malipo haya ni ya Android tu.» Ningesoma, ningefikiri, labda ningelipa tu. Lakini ningejua. Dola 15 kwa mtu wa mushahara ni chakula cha siku moja mjini. Kwangu zilikuwa kurasa nyingi za kuskane. Na vijana wetu wanaoanza kutengeneza aplikasiyo hapa kwetu, hili ni lenu pia: kama hamuwezi kuweka konti, wekeni hiyo sentensi. Haiombi serveri.

Kwa wewe unayejitayarisha kubadilisha telefone, fanya hivi wakati ile ya zamani ingali hai.

Kwanza, ujue ulilipia nini. Kwenye Android fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, ingia mu Paiements et abonnements, utaona manunuzi na abonema zako. Usitegemee kichwa. Mimi nilikuta kitu nilichokuwa nimesahau.

Pili, fungua kila aplikasiyo uliyolipia na utafute kama kuna konti ndani. Hapa wengi wanachanganya: ukiona Se connecter avec Google na ukaingia kwa njia hiyo, umefungua konti kwa mwenye aplikasiyo, ukitumia imeli yako ya Google kama kitambulisho. Hiyo si sawa na konti ya Google iliyo ndani ya Play Store. Ya kwanza inaweza kuvuka nawe, ya pili haivuki. Kama hakuna nafasi yoyote ya kuingia, ujue malipo yako yameandikwa kwa duka tu.

Tatu, jaribu mbele ya kuhama. Omba rafiki mwenye iPhone akuachie dakika kumi, achukue ile aplikasiyo kwa bure, uingie kwa konti yako. Vitu vikifunguka, uko salama. Vikibaki vimefungwa, umejua bila kupoteza kitu. Ukimaliza, usisahau kutoka mu konti. Na hata konti ikikubali, vile vinavyotumika na kuisha, sawa na sarafu za mchezo, angalia vyake peke yake, juu mara nyingi vinabaki kwenye sistemu vilikonunuliwa.

Nne, abonema. Kufuta aplikasiyo hakukati abonema. Hata ukitupa telefone mu mto, Google Play itaendelea kukata karte yako siku ikifika. Kama aplikasiyo haivuki, kata abonema mu Play Store kwanza. Kwa kawaida utaendelea kuitumia paka mwisho wa muda uliolipia. Kama inavuka, kama kozi yangu, usilipe tena kwenye iPhone: acha ile ya kwanza iishe, kisha uchague upande. Na kumbuka kuikata unaikatia pale ulipoinunulia. App Store haiwezi kukata kitu cha Google Play.

Tano, kama umekwisha kupoteza, tafuta mu imeli risiti ya Google Play. Ina namba inayoanza na GPA. Muandikie mwenye aplikasiyo kwa heshima, umutumie hiyo namba, umueleze ulihama. Halazimishwi, lakini wengine wanatoa kodi ya kufungua. Google yenyewe inapokea maombi ya kurudishiwa makuta hasa mu saa 48 za kwanza kisha kununua. Nyuma ya hapo, mara nyingi inakurudisha kwa mwenye aplikasiyo.

Mimi niliandika. Jibu lilikuja kisha siku nne: malipo ya Android ni ya Android. Mistari miwili. Angalau sasa imesemwa.

Lakini kuna jambo lilinipa moyo kidogo. Ulichonunua hakikufa. Kiko mu kitabu cha kwanza, na kila Android utakayoingia kwa konti ile ile ya Google itakiona. Kwa hiyo usiuze telefone ya zamani haraka, na usipoteze neno la siri la ile konti. Yangu iko juu ya meza hapa, ekra imepasuka katikati, karte ya SIM haina tena. Inaskane kurasa tisa bila kuuliza kitu.

Iko na dosie ya kurasa nyingi? Leta. Kwa ile iliyopasuka bado ninaweza.