Logibuku imejaa sahihi, lakini ulifanya kazi gani?

Mei inapokaribia, wanafunzi wa vyuo vikuu huanza kuzunguka mjini na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mna barua ya chuo, bima ya ajali, nakala ya kitambulisho na matokeo ya mitihani. Wanasaka atachimenti. Anayebahatika hukaa ofisini majuma 12 hivi, kisha hurudi chuoni kumaliza masomo. Baada ya mahafali, mwajiri anamuuliza ana tajriba gani, naye ana mstari mmoja tu kwenye wasifukazi: "Atachimenti, miezi mitatu, idara ya uhasibu."

Mstari huo haumfikishi mbali, na si kwa sababu miezi mitatu ni michache. Ni kwa sababu haumwambii mwajiri lolote kuhusu kile ambacho mikono yake inaweza kufanya. Cha kusikitisha ni kwamba hata chuo chenyewe mara nyingi hakijui.

Tusichanganye mambo hapa. Atachimenti ni ya mwanafunzi aliye bado masomoni, na huhesabiwa kama sehemu ya kozi. Intanshipu ni ya aliyekwisha kufuzu, kama ule mpango wa miezi 12 wa Tume ya Utumishi wa Umma. Intanshipu ina matatizo yake, na tutayajadili siku nyingine. Leo tunazungumzia atachimenti, kwa sababu hiyo ndiyo chuo kina uwezo wa kuirekebisha bila kungoja serikali.

Mfumo wenyewe kwenye karatasi ni mzuri. Mwanafunzi hupewa logibuku, ambamo huandika kila siku alichofanya. Msimamizi wa ofisini huisoma kila wiki na kutia sahihi. Mhadhiri hutoka chuoni kumtembelea. Mwishoni mwanafunzi huandika ripoti, na vyote hivyo hupewa alama.

Sasa tuangalie inavyokuwa mtaani. Msimamizi ana kazi zake na hakupewa mwongozo wowote wa kumfunza mgeni, kwa hivyo wiki ya kwanza ni kutoa fotokopi, ya pili ni kupeleka barua, ya tatu ni kungoja. Logibuku hujazwa usiku mmoja, majuma manne kwa mpigo, kwa kalamu ileile. Unaweza kuitambua logibuku kama hiyo hata bila miwani: kila siku imeandikwa "nilisaidia idarani" au "nilijifunza mengi". Mhadhiri naye hufika wiki ya 10 au 11, anakaa nusu saa ofisini kwa bosi, anauliza kama kijana ana nidhamu, anatia sahihi na kuondoka. Wengine siku hizi hupiga simu tu. Akigundua wiki hiyo kwamba mwanafunzi amekuwa mtu wa kuchemsha chai, atafanya nini? Muda umekwisha.

Linganisheni na wanaosomea ualimu. Mwanafunzi akienda mazoezi ya kufundisha, mhadhiri huja na kuketi nyuma ya darasa. Anakagua maazimio ya kazi na andalio la somo, anamtazama akifundisha kipindi kizima, halafu wanaketi chini ya mti anamwonyesha alipoteleza. Anarudi tena baada ya wiki kadhaa kuona kama amerekebisha. Pale kazi yenyewe ndiyo inayotahiniwa. Kwa nini mwanafunzi wa uhasibu, kompyuta au uanahabari atahiniwe kwa kuwepo tu?

Chukua mfano wa huyo wa uhasibu. Tuseme yuko katika kampuni ndogo ya kuuza vifaa vya ujenzi, na msimamizi anampa kazi moja ya kweli: alinganishe kitabu cha fedha cha kampuni na taarifa ya benki ya mwezi Juni. Kitabu kinasema kuna Sh413,450. Benki inasema Sh438,100. Tofauti ni Sh24,650, na lazima aieleze.

Anaketi na karatasi mbili na rula, anaweka alama kila pale zinapokubaliana. Anapata hundi mbili za jumla ya Sh31,500 ambazo kampuni ilizitoa lakini wenyewe hawajazipeleka benki. Anapata Sh6,000 zilizowekwa jioni ya Juni 30 ambazo benki bado haijaziandika. Halafu anaona benki imekata ada ya Sh850 ambayo kitabu cha kampuni hakina. Akitoa hizo 850 kwenye kitabu, anabaki na 412,600. Upande wa benki, 438,100 akiongeza 6,000 na kutoa 31,500, ni 412,600. Zimekubaliana.

Kazi hiyo huenda ikamchukua siku mbili mara ya kwanza, na nusu siku mwezi unaofuata. Lakini tazama logibuku yake sasa. Badala ya "nilisaidia idarani", ameandika: "Nimelinganisha hesabu za benki za Juni. Nilipata hundi mbili ambazo hazijalipwa, fedha moja iliyochelewa na ada ambayo haikuwa imenakiliwa." Katika mahojiano akiulizwa alifanya nini, anaweza kuongea dakika tano bila kubahatisha, na mhasibu yeyote aliye mezani atajua kama anaongopa. Asibebe tu karatasi za kampuni au kuzipiga picha kwa simu. Hizo ni siri za wenyewe. Hatua za kazi zinatosha.

Kwa hivyo maoni yetu ni kwamba vyuo viache kutahini sahihi. Kila idara iandike kazi tatu au nne ambazo mwanafunzi wa kozi hiyo lazima afanye, na barua ya kuomba nafasi izitaje, ili ofisi isiyoweza kuzitoa iseme mapema. Mhadhiri afike mara ya kwanza kufikia wiki ya nne, wakati kijana bado anaweza kuhamishwa dawati, au hata ofisi. Na akifika, aombe kuonyeshwa kazi.

Ndiyo, wahadhiri wataulizia marupurupu ya usafiri, na wana haki. Mwanafunzi mmoja yuko Lodwar, mwingine Voi, mwingine Industrial Area. Lakini msongamano huu unatokana kwa kiasi fulani na vyuo vingi kuachilia wanafunzi wakati mmoja, kati ya Mei na Agosti. Idara zikipishana, mhadhiri atakuwa na wachache kwa wakati mmoja, na ofisi nazo hazitapokea bahasha 200 kwa wiki.

Kuna suala la pesa pia, ambalo hatuwezi kulikwepa. Majuma 12 ni siku 60 za kazi. Nauli ya Sh200 kwa siku na chakula cha Sh100 ni Sh18,000, na wengi hawalipwi hata ndururu. Ndiyo maana mwenye mjomba Nairobi hupata ofisi nzuri, huku mwenzake aliye na alama bora akirudi kwao kufanyia atachimenti popote palipo karibu. Waajiri tayari hulipa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, NITA, ushuru wa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo. Sehemu ya fedha hizo iwe nauli ya wanafunzi.

Nawe uliye na bahasha mkononi sasa hivi, usingoje chuo kibadilike. Siku ya kwanza, kabla hujaonyeshwa birika liko wapi, mwulize msimamizi ni kazi gani ya idara ambayo huchelewa kila mwezi kwa kukosa mtu. Mara nyingi ipo, na mara nyingi ni ile inayochosha. Iombe hiyo.