Bei ya mbuzi Illasit haigawanywi kwa mbili

MIZANI YA SOKO
Na Saitoti Mwakio

Katika masoko ya wazi ya ukanda wa Illasit, mji wa mpakani ulio Kajiado Kusini na unaotazamana na Tarakea ya wilaya ya Rombo nchini Tanzania, bei ya kwanza anayoitaja muuzaji wa mbuzi haichukuliwi na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kuwa ndiyo bei ya mnyama. Ni bei ya kufungulia mazungumzo, nayo hupandishwa kwa makusudi ili pawe na nafasi ya kushuka. Mgeni wa soko, hasa yule aliyetoka Kitengela au Nairobi kutafuta mbuzi wa sherehe au wa bucha, hufundishwa na rafiki zake kanuni moja tu, kwamba bei yoyote atakayotajiwa aigawe kwa mbili kisha aanzie hapo. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, lakini ina kasoro ambayo humgharimu mnunuzi mara nyingi na humuudhi muuzaji mara nyingi vilevile.

Kasoro yenyewe ni kwamba bei ya kwanza haimwelezi mbuzi. Humweleza mnunuzi jinsi alivyoonekana machoni pa muuzaji. Mbuzi mmoja huweza kutajwa kwa shilingi 9,500 mbele ya mchinjaji anayefahamika sokoni, na saa ile ile akatajwa kwa 12,000 mbele ya mtu aliyeshuka kwenye gari dogo akiwa na viatu visivyo na vumbi. Anayegawa kwa mbili atajibu 4,750 katika hali ya kwanza na 6,000 katika hali ya pili, ilhali nyama iliyo mwilini mwa mnyama haijaongezeka wala kupungua hata gramu moja. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa pili ameruhusu makadirio ya muuzaji kuhusu mfuko wake yawe ndiyo msingi wa hesabu yake.

Wataalamu wa elimu ya nafsi huliita jambo hili athari ya nanga, yaani tabia ya akili kushikamana na namba ya kwanza iliyosikika na kukadiria kila kitu kwa kuizunguka, na maelezo yake mashuhuri yalitolewa na Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1974. La manufaa zaidi kwa mnunuzi ni utafiti wa Adam Galinsky na Thomas Mussweiler wa mwaka 2001, ulioonyesha kwamba anayetoa bei ya kwanza kwa kawaida hupata matokeo mazuri zaidi, lakini faida hiyo hutoweka pale ambapo mwenzake ameielekeza akili yake kwenye bei anayoilenga mwenyewe, au kwenye kiwango ambacho mpinzani hawezi kukivuka. Kinachotakiwa, basi, ni mnunuzi kuwa na namba yake mwenyewe kabla hajauliza bei, nayo kwa mbuzi wa kuchinjwa hupatikana kwa mikono na kwa hesabu.

Hatua ya kwanza ni kukadiria uzito, kwa kuwa mbuzi katika masoko mengi ya aina hii huuzwa kwa jicho na si kwa mizani. Mwenye utepe hupima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele na urefu wa mwili kutoka begani hadi mwisho wa nyonga, vyote kwa sentimita, kisha huzidisha mzunguko kwa mzunguko, akazidisha tena kwa urefu, na kugawa zao hilo kwa 10,800. Jawabu lake ni kilo kwa makadirio. Mbuzi mwenye mzunguko wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 65 hukaribia kilo 29 akiwa hai. Nyama inayobaki baada ya kuondoa ngozi, kichwa, miguu na vya tumboni huwa karibu asilimia 45 ya uzito huo, yaani kilo 13 hivi, ingawa mbuzi aliyekonda hushuka chini ya hapo. Wazoefu hawabebi utepe, bali hupitisha vidole juu ya kiuno, kati ya mbavu za mwisho na nyonga: mifupa ya uti ikichoma vidole, mnyama hana nyama hata kama tumbo limejaa. Kiuno ndicho cha kuaminiwa, si tumbo, kwani mbuzi aliyelambishwa chumvi na kunyweshwa maji mengi asubuhi huonekana mnene hadi jioni, na jike mwenye mimba huongeza kilo ambazo hazitafika kwenye mizani ya bucha.

Hatua ya pili ni kuzigeuza kilo hizo kuwa fedha, kwa kuanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Chukuliwe, kwa mfano tu, kwamba bucha la Kitengela huuza nyama ya mbuzi kwa shilingi 800 kwa kilo. Kilo 13 huleta 10,400, na kichwa, miguu, matumbo na ngozi huongeza labda 700, hivyo mapato yote ni 11,100. Kutoka hapo huondolewa nauli ya mnyama kwa safari ndefu ya kupitia Emali, ada za soko na za kibali cha kusafirisha mifugo, gharama ya machinjio na ukaguzi wa nyama, upungufu wa uzito njiani, na faida inayomwezesha mwenye bucha kulipa kodi na mfanyakazi. Vyote hivyo vikifika 2,300, kinachobaki ni 8,800, nacho ndicho kikomo cha juu, yaani bei ambayo mnunuzi akiivuka ni heri arudi mikono mitupu. Anayenunua kwa ajili ya sherehe hana bucha, lakini anaweza kuifanya hesabu ile ile kwa kujiuliza kilo 13 za nyama zingemgharimu kiasi gani nyumbani kwao.

Kikomo cha juu si bei ya kulenga, wala si bei ya kujibu. Bei ya kulenga hutokana na mauzo ya siku hiyo, na hapa ndipo wengi huvuna hasara kwa uvivu wa miguu. Mnunuzi anayezunguka soko kwa nusu saa kabla ya kumgusa mbuzi yeyote, akisikiliza bei zilizolipwa na si zilizotajwa, hujifunza mambo ambayo hakuna dalali atakayempa bure. Tuseme mbuzi wa kimo hicho wameondoka kwa kati ya 7,600 na 8,300. Bei ya kulenga ya 8,000 basi ina mashiko, nayo iko chini ya kikomo kwa 800.

Sasa muuzaji ametaja 12,000. Howard Raiffa, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu mapatano, alieleza kwamba bei ya mwisho mara nyingi hukaribia katikati ya bei mbili za kwanza, maadamu katikati hapo pako ndani ya eneo ambalo pande zote mbili zinaweza kulikubali. Akifuata kanuni hiyo bila kufikiri, anayelenga 8,000 angejibu 4,000. Jibu hilo lingekuwa baya, kwa sababu liko chini mno ya mauzo yoyote ya siku hiyo, na muuzaji angelisoma kuwa ama ni dharau ama ni dalili kwamba mwenzake hajui mbuzi. Vyovyote vile, mazungumzo yangekufa au yangeendelea kwa chuki. Bei ya kwanza ikiwa imepanda kiasi hicho haistahili kujibiwa kwa namba, bali hurudishwa kwa mwenyewe, kwa kumwomba kwa heshima ataje bei ya kuuza, na kwa kumwambia waziwazi kwamba mbuzi kama huyu ameonekana akiondoka kwa chini ya 8,500.

Muuzaji akishuka hadi 10,000, sasa ndipo penye nafasi ya kujibu, na jibu lenye haki huwekwa chini kidogo ya mauzo ya chini kabisa yaliyoshuhudiwa, tuseme 6,800. Namba hiyo inaweza kutetewa kwa sababu inayoonekana, kama kiuno chembamba au jino lililokatika, na katikati yake na 10,000 ni 8,400, ambayo iko ndani ya kikomo hata kama imepita lengo. Yanayofuata husomwa kwa ukubwa wa hatua. Muuzaji akishuka 700 hadi 9,300 na mnunuzi akapanda 500 hadi 7,300, kisha muuzaji akashuka 400 hadi 8,900 na mnunuzi akapanda 400 hadi 7,700, hatua zinazopungua zinaonyesha kwamba kiwango cha chini cha muuzaji kinakaribia, na kukubaliana kwa 8,200 hakutamshangaza mtu. Anayepanda kwa hatua zisizopungua huwa ameutangaza mfuko wake bila kujua.

Mpakani kuna mtego mdogo wa ziada, nao ni shilingi mbili. Bei ikitajwa kwa shilingi ya Tanzania, kushushiwa elfu kumi husikika kuwa kukubwa, kumbe kwa kiwango cha 19 kwa 1 ni kama shilingi 526 tu za Kenya. Ni busara kupatana kwa fedha moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kukubaliana mapema ni kiwango gani kitakachotumika iwapo malipo yatafanywa kwa nyingine.

Suala la haki huwa zito zaidi wakati wa ukame. Katika ukame wa kati ya 2020 na 2023 wafugaji wengi wa Kajiado walilazimika kuuza wanyama dhaifu kwa bei yoyote iliyopatikana, na mwezi Januari karo za shule huleta shinikizo linalofanana nalo. Wapo wanaoona kwamba bei ni makubaliano tu na kwamba dhiki ya muuzaji si mzigo wa mnunuzi. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu hesabu ya nyama tayari imekwisha kumwadhibu mnyama aliyekonda: kilo zake ni chache, kikomo chake kimeshuka, na bei ya kujibu imeshuka pamoja nacho. Kushusha tena kwa sababu tu mwenye mbuzi anaonekana hana budi kuuza ni kumtoza mara mbili kwa ukame ule ule.

Lipo pia sharti ambalo masoko haya huliheshimu bila kuandikwa popote, kwamba bei aliyoitaja mnunuzi ni ahadi. Muuzaji akiitikia 6,800 papo hapo, mnunuzi ana haki ya kumfungua mnyama mdomo na kuhesabu meno ya kudumu ya mbele, ambayo huanza kwa jozi moja karibu na mwaka mmoja au zaidi kidogo, kumpapasa tena kiuno, na kumtazama macho na pua kama kuna ugonjwa, kwa kuwa kukubaliwa haraka huweza kuwa dalili ya kasoro iliyofichwa. Asipoiona kasoro hiyo, hana haki ya kushuka hadi 6,000 kwa kujuta kwamba alianzia juu. Hulipa 6,800 na kumfunga mbuzi kamba.