Imla si mbio za ngalawa

Mwalimu anayesoma imla kwa kasi ya kuzungumza hajui anachopima. Nasema hivi nikiwa Mwamu, na nikiwa na daftari la mpwa wangu hapa mezani. Yuko gredi ya nne, shule yao sitaitaja. Sentensi iliyosomwa, mara moja, bila kusimama, ilikuwa hii:

Jana, Fatuma alipoona njaa, alipika mchele kwa maji ya kisima.

Yeye akaandika:

Jana Fatuma alipoona ndaa alipika mtele kwa mai ya kisima.

Tano kwa kumi. Maneno matatu yamekatwa, na koma mbili hazipo. Pembeni kuna kalamu nyekundu: "Sikiliza!"

Sasa hebu tuliangalie kosa lenyewe, manake lina mengi ya kusema. Ndaa, mtele na mai si kubahatisha. Ni Kiamu safi, maneno ambayo mtoto huyu ameyasikia jikoni kwa nyanya yake tangu hajatambaa. Lakini pia jana kwetu ni yana, na hilo aliliandika kwa usanifu kabisa. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa neno la kwanza. Lilikuwa bado linalia sikioni alipoanza kuandika.

Hapo ndipo kasi inapoharibu mambo. Ukimsomea mtoto maneno matatu au manne, anashika sauti na kuiandika sauti ile ile. Ukimmwagia kumi kwa mpigo, kalamu yake ingali kwenye neno la pili na wewe ushamaliza. Sauti imekwisha kupotea, kilichobaki kichwani ni maana tu: mtu, njaa, chakula, maji. Basi anaijenga sentensi upya kutoka kwenye maana, na anaijenga kwa maneno ya kwao. Mtoto wa Kiunguja akipitwa hivyo hivyo atajenga upya kwa maneno yanayofanana na kitabu, na atapata alama zake. Bahati yake ni kwamba mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, lahaja yao ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Yetu, ambayo watu wa Pate na Lamu walikuwa wakiitungia tenzi kwa herufi za Kiarabu zamani hizo, ikabaki kuwa "makosa".

Sisemi mtele ipewe alama. Mtihani ni wa sanifu, na mtoto wa Lamu anaihitaji sanifu kuliko mtu yeyote, atafanya nayo mitihani yote iliyo mbele yake. Ninachosema ni kwamba huwezi kumfunza kusikia tofauti ya ch na t kwa kumkimbiza asizisikie.

Na koma? Hizo ni vurugu tupu. Mwalimu mmoja anazitaja, mwingine anatarajia zisikike kwenye pumzi. Anayezitaja naye ana majina yake: leo koma, kesho mkato, na muhula ujao mwalimu mgeni anakuja na kipumuo. Nimeona daftari ambamo mtoto ameandika neno "kituo" katikati ya sentensi, kwa mwandiko mzuri kabisa. Alisikiliza, si ndivyo alivyoambiwa? Anayetegemea pumzi naye akisoma mbio hana pumzi ya kusikika. Baada ya "Jana" na baada ya "njaa" pangekuwa na vituo viwili vidogo vya sauti. Kwa kasi ile havikuwepo, na bado vikakatiwa alama mbili.

Kusoma imla kuna utaratibu wake, na si mgumu. Mara ya kwanza soma yote kwa kasi ya kawaida, kalamu zikiwa chini, watoto wapate maana. Mara ya pili soma vipande: "Jana" … "Fatuma alipoona njaa" … "alipika mchele" … "kwa maji ya kisima". Usiende mbele mpaka kalamu ya mwisho iinuke, si ya kwanza. Mara ya tatu soma yote tena wakikagua, na hapo ndipo koma zinaponaswa. Kama utazitaja, chagua jina moja, walijue kabla ya siku ya mtihani.

Tena kuna jambo ambalo walimu wetu wa chuoni wanalijua, wa shule wakalisahau: mwanafunzi husomeshwa alichoandika. Mwambie mpwa wangu asome sentensi yake kwa sauti. Akisoma "mtele", basi lahaja ndiyo iliyoshika kalamu, mpe mchele, mchanga na macho dhidi ya mtele, mtanga na mato, mstari kwa mstari, mpaka aone ch inakaa wapi. Akisoma "mchele" na huku ameandika mtele, hiyo ni haraka ya mkono, na dawa yake ni kipande kifupi zaidi. Makosa mawili tofauti, yaliyokatwa kwa mkwaju mmoja mwekundu.

Jumamosi nilimsomea sentensi ile ile kwa vipande vinne. Ndaa ilirudi. Mtele na mai hazikurudi.