Kikaango kimebambuka? Achana nacho, usimpe mtu

Niliua kikaango cha nonstiki kwa wiki tatu tu. Mathe alinipa nilipohamia bedsita, nami nikakigeuza cha chapati. Nikawa nawasha gesi hadi mwisho, nakiacha kitupu kipate moto huku nikisukuma unga. Siku moja mafuta yakagandia, yakawa meusi. Nikashika waya wa kusugulia sufuria. Weusi uliisha, na utando nao ukaisha.

Wengi wetu tunalaumu bei: ati cha bei rahisi hakidumu. Mimi nasema tunaviua wenyewe. Utando ule ni kama plastiki nyembamba iliyopakwa juu ya chuma. Ukipita nyuzi 260 hivi unaanza kuharibika, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika hapo kwa dakika chache. Kikizidi sana hutoa mvuke unaoweza kukuletea kitu kama homa: baridi, kichwa kuuma. Sasa fikiria bedsita, kitanda na jiko chumba kimoja, dirisha limefungwa. Chapati peleka kwa kikaango cha chuma kizito. Nonstiki ni ya mayai, moto wa wastani, mafuta yakitangulia.

Kikiungua, usikimbilie maji baridi. Chuma cha moto hupinda, na utando hupasuka. Kiache kipoe, weka maji yafunike palipoungua, tone mbili tatu za sabuni ya vyombo, kisha kichemke polepole dakika kumi. Zima, kipoe tena, halafu sukuma uchafu kwa mwiko wa mbao na umalizie na upande laini wa sponji. Ukibaki, rudia. Waya ni wa sufuria ya kawaida ya ukoko wa ugali, basi.

Utajuaje kimekufa? Rangi kubadilika peke yake si kifo. Mara nyingi ni mafuta ya zamani. Kioshe vizuri, kikaushe, kaanga yai kwa mafuta kidogo. Likishika kila mahali, na kikaango ni safi, kazi ya utando imeisha. Ukiona chuma kinang'aa chini ya mikwaruzo, au vipande vyeusi kwenye mayai, usibishane nacho. Kipande ulichomeza hupita tu tumboni bila kusagwa, kwa hivyo usipanik. Lakini utando ulioanza kubambuka haurudi, na utaendelea kuula kila asubuhi.

Na hapa ndipo tunakosana, msomaji. Kikibambuka tunasema, "Nitampelekea shosho ushago." Kwa nini? Kama hukitaki kwa mayai yako, shosho anakitakia nini? Changu nilikitupa. Mathe aliuliza kiko wapi, nikamwambia ukweli. Alicheka, akanunulia mwiko wa mbao kwanza.